Taarifa ya wiki kwa mteja wa tovuti: fupi, ya kweli, na yenye orodha ya unachohitaji kutoka kwake

Tovuti nyingi ndogo hapa Dodoma hazicheleweshwi na kazi ya kompyuta. Zinacheleweshwa na picha ambazo hazijapigwa, bei ambazo mwenye biashara hajaziamua, na kikoa, yaani jina la tovuti, kilichosajiliwa miaka iliyopita na kijana ambaye sasa yuko mji mwingine. Vitu hivyo vitatu viko mikononi mwa mteja, na mara nyingi mteja mwenyewe hajui kwamba kazi imesimama kwa ajili yake. Anaamini fundi anaendelea. Fundi naye anaona ameshasema, kwa kuwa wiki mbili zilizopita alitaja picha katikati ya mazungumzo ya simu.

Taarifa ya wiki ndiyo inayoziba pengo hilo, ikiandikwa vizuri. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandika, na nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mteja ni mama mtu mzima mwenye lodge ya vyumba 14 Nzuguni, karibu na stendi kuu ya mabasi. Ana meneja anayesimamia lodge kila siku. Anataka tovuti iwe hewani kabla ya Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, maana ndicho kipindi ambacho wageni wengi hutafuta vyumba mjini. Kazi ni ya wiki sita kuanzia Jumatatu tarehe 16 Februari, na tovuti imepangwa kwenda hewani Jumanne tarehe 24 Machi.

Hiyo Jumanne haikuchaguliwa kwa bahati. Tovuti ikienda hewani Ijumaa na kitu kikaharibika, wikiendi nzima ni vigumu kumpata wa kupokea simu kwa msajili wa kikoa au kwenye kampuni ya seva. Jumanne inakuachia siku tatu za kazi za kurekebisha.

Kabla ya wiki ya kwanza: kubalianeni njia, siku na mtu

Muulize mteja anasoma wapi. Kwa biashara ndogo na za kati hapa, jibu karibu kila mara ni WhatsApp. Basi taarifa iende WhatsApp, na nakala yake iende kwenye barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Usimlazimishe mama wa lodge kufungua faili la kurasa nne kwenye simu. Hatalifungua, nawe utadhani amelisoma.

Siku ninayoipendekeza ni Alhamisi alasiri. Wengi hutuma Ijumaa jioni kwa sababu wiki imekwisha, lakini taarifa ya Ijumaa jioni inamkuta mteja yuko njiani kwenda Dar au kwenye harusi, na hadi Jumatatu imeshazama chini ya jumbe nyingine. Ukituma Alhamisi, unamwachia Ijumaa asubuhi ya kutekeleza maombi yako akiwa bado yuko kazini na kumbukumbu ingali mpya.

La tatu ni la muhimu zaidi. Ujue nani anatoa nini. Katika mfano wetu, meneja ndiye mwenye funguo za vyumba, hivyo picha ni zake. Bei ni za mama mwenyewe. Meneja hawezi kuziamua. Kikoa kinamhitaji mama pia, kwa kuwa ndiye anayefahamiana na kijana aliyekisajili. Ukiandika "tunaomba mtutumie picha na bei" kwenye kundi lenye mama, meneja na mhasibu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshughulikia.

Daftari la mistari miwili kwa siku

Taarifa nzuri haiandikwi kwa kukumbuka Alhamisi ulichofanya Jumatatu. Kila jioni andika mistari miwili mahali pamoja, hata kama ni kwenye simu: nini kimekamilika leo, na nini kimesimama na kinamsubiri nani. Alhamisi ikifika unachagua tu, na nusu saa inatosha.

Neno "kimekamilika" lina kipimo kimoja tu katika taarifa hii: mteja anaweza kukifungua kwenye simu yake akakiona. Ukurasa uliopo kwenye kompyuta yako peke yako haujakamilika. Fomu ya kuweka nafasi inayopendeza machoni lakini ujumbe wake haujafika kwenye barua pepe ya lodge haijakamilika. Kipimo hiki ni kikali, na ndicho kinachoifanya taarifa iaminike.

Kwa sababu hiyohiyo naziepuka asilimia. Ukisema tovuti imefika asilimia 80, mteja anahesabu kwamba wiki ijayo itakuwa 100. Wewe unajua kwamba iliyobaki ndiyo ngumu: kikoa, barua pepe, majaribio. Wiki mbili mfululizo ukabaki kwenye 90, mama anaanza kujiuliza unafanya nini na pesa yake. Badala ya asilimia, taja vitu: kurasa tatu kati ya tano zinafunguka, fomu haijakamilika. Hapo hakuna anayehitaji kukisia.

Umbo la ujumbe

Tuanze na ujumbe unaotumwa mara nyingi, ili tuone unapokosea:

> Habari za leo. Kazi inaendelea vizuri, tumefika asilimia 80. Tunasubiri baadhi ya vitu kutoka kwenu ili tukamilishe. Asanteni kwa ushirikiano.

Kila sentensi ni ya adabu na hakuna hata moja inayomwezesha mteja kufanya kitu. Vitu gani? Nani avilete? Lini? Visipokuja itakuwaje? Mama atajibu "sawa, asante", na wiki itapita.

Sasa hii ndiyo taarifa ya wiki ya tatu, Alhamisi tarehe 5 Machi:

> Shikamoo Mama. Taarifa ya tovuti, wiki ya 3 kati ya 6.
>
> *Hali:* Tumechelewa siku 2 kwenye fomu ya kuweka nafasi. Tarehe ya kwenda hewani, Jumanne 24 Machi, haijabadilika.
>
> *Tunachohitaji:*
> 1. MAMA: kumpigia kijana aliyesajili jina la tovuti, atupatie ruhusa ya kulisimamia. Mwisho Ijumaa 13 Machi. Likipita hapo, tarehe 24 itasogea.
> 2. MENEJA: picha za vyumba, singo, dabo na familia, picha 3 kila aina. Mwisho Jumatatu 9 Machi, saa 6 mchana. Bila hizo ukurasa wa Vyumba unabaki mtupu.
> 3. MAMA: bei ya mwisho ya kila aina ya chumba, na kama kifungua kinywa kimo; zikikosekana tutaandika "piga simu kupata bei". Mwisho Jumatatu 9 Machi, saa 6 mchana.
>
> *Kilichokamilika:* ukurasa wa Mwanzo, wa Mawasiliano wenye ramani ya kutokea stendi, na wa Kuhusu Sisi. Unaweza kuzifungua hapa: (kiungo)
>
> *Bado:* fomu ya kuweka nafasi inafunguka, lakini ujumbe wake unaangukia kwenye barua taka. Tunarekebisha, itakamilika Jumanne 10 Machi.
>
> *Wiki ijayo:* fomu, na ukurasa wa Vyumba tukipata namba 2 na 3.
>
> Mama, ukijibu kwa namba inatosha, mfano: "3 tayari, 1 kesho".

Maneno hayafiki 170. Kuna sababu kwa kila kitu kilichowekwa hapo, na nitakaa zaidi kwenye zile ambazo watu huzipuuza.

Hali iko mstari wa kwanza, na inataja tarehe moja ambayo mama anaijali. Yeye hajali fomu imeandikwa kwa lugha gani. Anajali kama wabunge na watumishi wanaokuja Aprili watakuta tovuti. Kwa hiyo kila wiki, bila kukosa, tarehe ya kwenda hewani inatajwa: haijabadilika, iko hatarini, au imesogea hadi siku fulani.

Maombi yanakuja kabla ya kazi iliyofanyika. Mazoea ni kinyume chake: fundi anaanza kueleza aliyoyafanya, na maombi yanabaki mkiani. Lakini WhatsApp hukunja ujumbe mrefu, na kilicho chini ya mkunjo kinasomwa na wachache. Kisichosomwa kiwe orodha ya kazi zako, kisiwe ombi lako.

Maombi ni matatu, na yamepangwa kwa uzito. Huenda unahitaji vitu tisa kutoka kwa mteja. Usivitaje vyote. Mtu mwenye lodge ya kuendesha akiona orodha ya vitu tisa anaiweka kando hadi atakapopata muda, na muda huo hauji. Chagua vitatu ambavyo visipokuja wiki hii kazi itasimama, na vingine viweke kwenye daftari lako hadi zamu yao ifike. Picha ya mapokezi inaweza kusubiri wiki ya nne. Kikoa hakiwezi.

Kila ombi lina sehemu nne: mtu, kitu, siku ya mwisho, na kitakachotokea lisipotimizwa. Sehemu ya nne ndiyo inayoachwa sana kwa kuogopa kuonekana unatishia. Hutishii. Mama hawezi kupima uzito wa jambo asilolijua. Kwake kikoa na picha ya mapokezi ni maombi mawili yanayofanana. Wewe ndiye unayejua kwamba moja linasogeza tarehe na lingine halisogezi.

Siku imeandikwa pamoja na tarehe. Mama akisoma "Jumatatu" peke yake siku ya Jumapili usiku anaweza kudhani ni kesho au ile ya wiki inayofuata. Na saa iandikwe na wakati wake, saa 6 mchana, ili meneja asije akajipa hadi usiku wa manane.

Idadi na aina nazo zimetajwa. "Picha za vyumba" ni ombi ambalo mtu hawezi kujua amelimaliza lini. "Picha 3 kila aina, aina tatu" ni picha tisa, na meneja akifika ya tisa anajua ametimiza.

Adabu isimeze ombi

Hapa kuna mtego wa lugha yetu. Tunapomwandikia mtu mzima tunalizungusha ombi hadi linapotea: "Mama samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kukukumbusha lile suala la picha kama utapata nafasi." Heshima imo, ombi halimo. Hakuna siku, hakuna idadi, na maneno "kama utapata nafasi" yanamruhusu asiipate.

Heshima iweke kwenye salamu na kwenye jina unalomwitia. Ukishasema "Shikamoo Mama", ombi lenyewe linaweza kuwa wazi na fupi bila kumvunjia mtu heshima. Na ucheleweshaji wa upande wa mteja utaje kwa hali ya kitu, si kwa kosa la mtu: "picha bado hazijafika" inasema yote ambayo "hamjatuma picha" inasema, bila kumnyooshea meneja kidole mbele ya bosi wake. Nalisisitiza hili kwa sababu meneja aliyeaibishwa kwenye taarifa ya wiki ya tatu hatakuwa na haraka na maombi ya wiki ya nne.

Ucheleweshaji wa upande wako, kinyume chake, utaje wazi kwamba ni wako. Kwenye mfano, fomu imechelewa siku mbili na taarifa inalisema hilo mstari wa kwanza. Yatosha mambo manne: nini kimechelewa, kwa nini kwa sentensi moja, kitakamilika lini, na kama tarehe kubwa inaguswa. Sababu ndefu za umeme na intaneti hazimsaidii mama. Zitaje tu pale ambapo zimesogeza tarehe.

Habari mbaya kubwa, hasa tarehe ya kwenda hewani kusogea, isimfikie mara ya kwanza kwenye taarifa. Mpigie simu Jumatano, mweleze, msikilize. Alhamisi taarifa iandike mlichozungumza.

Kabla hujabonyeza kutuma

Fungua kila kiungo kwenye simu, kwa bando, kwenye dirisha la faragha. Kiungo cha tovuti ya majaribio kinafunguka vizuri kwako kwa sababu kompyuta yako imeshaingia kwenye mfumo. Kwa mama kinaonyesha ukurasa unaodai nywila. Ameambiwa kurasa tatu zimekamilika, anabonyeza, haoni hata moja. Sentensi zako zote za kweli zimegeuka kuwa za mashaka, na hatakwambia, atanyamaza tu.

Fomu ijaribu mwenyewe hadi mwisho. Jaza jina na tarehe za kulala, tuma, kisha mwombe meneja akuthibitishie kwamba ameiona kwenye barua pepe ya lodge. Usitosheke na maandishi ya "asante, tumepokea" yanayotokea kwenye skrini. Maandishi hayo yanaonyesha tu kwamba tovuti imejaribu kutuma.

Kisha hakiki maombi ya wiki iliyopita. Hakuna kinachomuudhi mteja kama kuombwa kitu alichokituma juzi.

Picha zimekuja, lakini zimekuja vibaya

Jumatatu tarehe 9 saa 5 asubuhi meneja anatuma picha tisa. Unashukuru, unazifungua kwenye kompyuta, na zina ukungu. Sababu inajulikana: ukituma picha WhatsApp kama picha, inapunguzwa ukubwa ili kuokoa bando. Kwenye simu inapendeza. Ikitanda upana wote wa ukurasa, kitanda kinakuwa na mabakamabaka.

Namna ya kuitambua ni kuangalia jina na uzito wa faili. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huhifadhiwa kwenye simu za Android kwa jina la mtindo huu:

```
IMG-20260309-WA0004.jpg
```

Hizo herufi `WA` ndizo alama. Na ikiwa uzito wake ni kilobaiti mia moja au mia mbili hivi, wakati picha ya kamera ya simu ya kawaida huwa na megabaiti kadhaa, basi imepunguzwa.

Dawa ni kumwelekeza meneja azitume tena kama faili: abonyeze alama ya kuambatisha, achague Hati badala ya Matunzio, kisha achague picha zilezile. Haina haja ya kupiga upya. Hili ungeweza kulizuia kwa kuliandika ndani ya ombi lenyewe tangu mwanzo, "zitumwe kama Hati", na ukishakutana na mteja mmoja wa namna hii utaliandika kwenye kila ombi la picha maishani mwako. Ongeza na neno juu ya mwanga: pazia lifunguliwe, taa ziwashwe, na simu ilazwe upande ili picha iwe pana.

Kikoa: ombi linalostahili muda wako mwingi

Kati ya maombi matatu, hili ndilo linaloua ratiba. Picha ukizikosa unaweza kwenda Nzuguni mwenyewe asubuhi ukazipiga. Bei ukizikosa unaweza kuandika "piga simu kupata bei" na tovuti ikaenda hewani. Kikoa ukikikosa, huna mlango wa nyuma.

Usisubiri mama akueleze hali yake. Itazame mwenyewe wiki ya kwanza. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac andika, ukiweka jina halisi:

```
whois jina-la-lodge.co.tz
dig jina-la-lodge.co.tz MX +short
```

Amri ya kwanza inakuonyesha msajili ni kampuni gani na kikoa kinaisha muda lini, kwenye mstari wa `expire`. Ya pili inaonyesha barua pepe za lodge zinapokelewa wapi. Majibu ya amri hizi mbili yanabadilisha kabisa unachomwandikia mama.

Tuseme umeona mambo mawili: kikoa kinaisha tarehe 2 Aprili, na barua pepe za lodge zinapita kwenye seva ileile ya zamani. La kwanza lina maana kwamba tovuti inaweza kwenda hewani tarehe 24 Machi, kisha ikazimika siku chache baadaye, Bunge likiwa ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu taarifa ya kulipia upya imekwenda kwenye barua pepe ya kijana asiyehusika tena. La pili lina maana kwamba ukihamisha kikoa kizima kwenda kwenye seva mpya bila kunakili rekodi za barua pepe, wageni wanaoandika kuomba vyumba watakuwa wanaandika hewani. Mama hatajua mpaka wiki ipite bila barua hata moja.

Mama haelezwi `MX` ni nini. Anaelezwa hivi:

> Mama, jina la tovuti linaisha muda tarehe 2 Aprili, na ujumbe wa kulipia unakwenda kwa kijana wa zamani. Likiisha, tovuti na barua pepe za lodge zitazimika pamoja. Naomba mambo mawili kutoka kwake: ruhusa ya kuingia kwa msajili, na kubadilisha jina la mmiliki liwe lako. Nikiipata ruhusa, barua pepe zenu hazitaguswa; nitabadilisha anwani ya tovuti peke yake.

Sentensi ya mwisho ni ahadi ya kiufundi na uitimize: badilisha rekodi ya `A` inayoelekeza tovuti, rekodi za `MX` ziache zilivyo, ila kama `MX` inaelekeza kwenye jina lilelile la tovuti, kwanza ielekeze kwenye jina lingine linalobaki na anwani ya seva ya zamani. Siku mbili kabla, punguza muda wa rekodi kuhifadhiwa, unaoitwa `TTL`, hadi sekunde 300, ili mabadiliko yaenee haraka na ukikosea uweze kurudi nyuma. Ukilazimika kubadilisha `nameserver` zenyewe, mwambie mama kwamba kwa saa 24 hadi 48 wageni wengine wataona tovuti mpya na wengine ya zamani. Akijua mapema hatashtuka.

Siku ya mwisho ya ombi hili, Ijumaa 13 Machi, imepatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 24: siku mbili za rekodi kuenea, siku moja ya majaribio, na siku kadhaa za kazi kwa msajili kubadilisha jina la mmiliki, kwa kuwa huenda akadai barua na vielelezo vya biashara. Maombi yote yahesabiwe hivyo. Ukitaja siku ya mwisho kwa kukisia, mteja atagundua siku ikipita na hakuna kilichoharibika, na kuanzia hapo siku zako zote za mwisho hazitakuwa na uzito.

Jambo moja la usalama: usiombe nywila kwenye WhatsApp, hasa kwenye kundi. Omba uongezwe kama mtumiaji kama msajili anaruhusu, au kaa na mama aiandike yeye mwenyewe, na kazi ikiisha aibadilishe.

Ombi lisipojibiwa

Siku ya mwisho ikifika na kimya kimetawala, piga simu siku hiyohiyo, saa ileile uliyoitaja. Simu ya dakika mbili Jumatatu saa 6 mchana inathibitisha kwamba tarehe zako zina maana. Mama akijibu kwa ujumbe wa sauti, usikilize, kisha mwandikie kwa mstari mmoja ulichokielewa: "Mama, nimeelewa: singo 40,000, dabo 60,000, familia 90,000, kifungua kinywa kimo. Nikikosea nirekebishe." Miezi miwili baadaye hakuna atakayetafuta sauti ya Jumatatu fulani, lakini mstari huo utaonekana.

Kwenye taarifa ya wiki ya nne, ombi ambalo halijatimia linarudi likiwa namba 1, na athari yake sasa ina hesabu: "Ombi la wiki iliyopita. Kila siku ya kazi inayopita baada ya Ijumaa 13 inasogeza tarehe 24 kwa siku moja." Likivuka wiki ya pili, mpe mama njia mbili achague. Kwa kikoa zingekuwa hizi: tusubiri kijana na tarehe isogee, au tusajili jina jipya leo, tovuti iende hewani kwa jina hilo, na la zamani lielekezwe huko litakapopatikana. Eleza gharama ya kila njia kwa sentensi moja, useme ungechagua ipi, na umwachie uamuzi.

Maombi mapya na malipo

Wiki ya nne mama anasema kwa sauti: "Mwanangu, tuongeze na ukurasa wa ukumbi wa mikutano." Usiseme ndiyo kwa simu ukaishia hapo, na usikatae. Liingize kwenye taarifa chini ya kichwa chake: *Ombi jipya: ukurasa wa Ukumbi. Siku 3 za kazi, gharama ya ziada ni kiasi hiki. Ukikubali kabla ya Jumatatu utaingia baada ya tarehe 24, hautaisogeza.* Likiandikwa hivyo, mama anaona mara moja kwamba ukumbi una bei na una siku zake.

Malipo yaliyofikia muda wake mimi huyaweka kwenye ujumbe tofauti, pamoja na ankara. Yakikaa ndani ya orodha ya maombi, mteja anaisoma taarifa yote kama barua ya kudai deni, na picha zinasahaulika. Ikiwa kazi imesimama kwa sababu ya malipo, hapo ndipo yanaingia mstari wa hali, kwa uwazi uleule wa picha.

Wiki isiyo na kitu, na wiki ya mwisho

Kuna wiki ambayo hukufanya mengi: ulikuwa unasubiri, au ulikuwa mgonjwa. Tuma taarifa hata hivyo, mistari mitatu: hali, ombi linalosubiriwa, wiki ijayo. Wiki moja ya kimya inamfanya mteja aanze kupiga simu kila siku, na simu hizo zinakula muda kuliko taarifa ambayo hukuiandika.

Taarifa ya Alhamisi tarehe 26 Machi, siku mbili baada ya tovuti kwenda hewani, inabadilika umbo. Maombi sasa ni ya mama kuthibitisha kwamba amepokea: jina la mmiliki wa kikoa ni lake, nywila zimebadilishwa, meneja amejibu nafasi moja halisi iliyopitia kwenye fomu. Chini yake andika tarehe mbili za kulipia kila mwaka, ya kikoa na ya seva, namba ya simu itakayopokea ukumbusho, na nani atalipa. Katika mfano wetu kikoa kinaisha tarehe 2 Aprili, hivyo ombi namba 1 la taarifa hiyo ni mama kulipia kabla ya Jumatatu tarehe 30 Machi saa 6 mchana, na wewe saa 7 uandike tena amri ya `whois` uhakikishe kwamba mstari wa `expire` umesogea mwaka mmoja mbele.